Kutoa Pumzi: Mtu Akiwa Ametulia na Akiwa Mbioni

Mtu aliyeketi kwa utulivu hupumua mara 12 hadi 15 kwa dakika, akivuta takriban nusu lita ya hewa kila mara. Kazi ya misuli huishia kwenye kuvuta. Diaframu, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, ikishalegea, mapafu yaliyotanuka hunywea yenyewe kama mpira ulioachiwa, na hewa hutoka taratibu kwa sekunde mbili au tatu bila msuli kuisukuma.

Mkimbiaji anayepanda mlima kwa kasi hana muda huo. Akipumua mara 45 kwa dakika, kuvuta na kutoa kwa pamoja kunapata sekunde 1.3 tu, ilhali anapaswa kutoa lita mbili au zaidi. Kunywea kwa mapafu pekee hakutoshi. Hivyo misuli ya tumbo hukaza na kuisukuma diaframu juu, na misuli ya ndani iliyo kati ya mbavu huzishusha mbavu. Ukimwekea kiganja tumboni, utalihisi likikaza kila anapotoa pumzi. Faida ninayoiona kubwa zaidi ni kwamba kifua kilichobanwa kupita kiwango chake cha utulivu hutanuka chenyewe, kikausaidia uvutaji unaofuata.