Maski za moshi: nilivyotumia ya kitambaa na ya N95 kiangazi hiki Tabora

Mimi kila siku napanda bodaboda kutoka Tabora mjini kwenda kazini njia ya Sikonge, na wanaoijua njia hiyo kuanzia mwezi wa saba mapori yakianza kuchomwa wanajua naongelea nini, kuna asubuhi moshi umelala barabarani mpaka dereva anawasha taa. Kwahiyo hii ni rivyuu ya mtu anayevaa kweli, sio ya kusikia.

Nianze na barakoa ya kitambaa, zile za kushona kwa fundi. Vumbi la barabarani inazuia kiasi, na majivu yale makubwa yanayoruka pia. Ila moshi wa nyasi sio majivu, kinachoumiza ni chembechembe ndogo mno, nyingi hazifiki hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na hizo zinapita kwenye nafasi za nyuzi bila shida. Wengine wanailowesha maji eti inachuja vizuri, hapana jamani, chembe ndogo zinapita vilevile, wewe unabaki na kitambaa cha baridi kinachokubana pumzi.

N95 ni kitu kingine. Ndani ina tabaka lenye chaji ya umeme inayovuta zile chembe zinate, na kipimo chake ni kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe zile ngumu kabisa kuzinasa. Ndio maana haifuliwi na haipuliziwi spiriti, ile chaji inaondoka unabaki na umbo tu. Mimi nikivua naiweka kwenye bahasha ya kaki, nailoni inatunza jasho.

Sasa hiyo 95 ni ya chujio lake, sio ya uso wako!! Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Hewa inafuata njia rahisi, ukiacha upenyo hata mdogo pembeni ya pua basi moshi unapita hapohapo na chujio zuri linakaa bure. Mwanzoni nilinunua KN95, ile ya kiwango cha China, ya kuning'iniza masikioni, mimi navaa mtandio, kwahiyo mipira nikawa naipitisha juu ya mtandio, inateleza, na miwani inapata ukungu kila nikitoa pumzi. Ukungu kwenye miwani maana yake hewa inatokea juu ya pua, na inapotokea ndo inapoingilia. Jioni nikiivua naona mstari mweusi wa masizi kando ya pua, wakati shavuni pasafi.

Nikahamia N95 yenye mipira miwili ya kuzunguka kichwa na mambo yakabadilika. Naishika kiganjani, naanzia kidevuni, mpira wa juu unakaa kisogoni juu, wa chini unapita chini ya masikio mpaka shingoni, yote CHINI ya mtandio, halafu ndo mtandio halafu helmeti. Kile kichuma cha puani nakikandamiza kwa vidole vya mikono miwili kuanzia katikati kwenda pembeni, ukikibana kwa mkono mmoja kinajikunja kama paa la nyumba na upenyo unabaki. Kisha naifunika yote kwa viganja napuliza kwa nguvu, nikisikia upepo machoni au shavuni narudia. Nikivuta pumzi inatakiwa inywee kidogo kuja usoni. Haichukui hata dakika, bodaboda wangu alishazoea kusubiri.

Shemeji yangu ana ndevu nzuri tu, alivaa hiyohiyo akasema haina kitu, na kwake ni kweli, nywele zikiwa kati ya ngozi na ukingo wa maski haizibi hata uibane vipi. Watoto nao hizi za watu wazima zinawapwaya, bora wabaki ndani madirisha yamefungwa.

Kitu kingine, msipime kwa harufu. Nimesikia watu wakisema "nasikia moshi, hii feki". Harufu ni gesi, na N95 haizuii gesi, hata ikikaa vizuri kabisa utanusa. Na kwa sababu hiyohiyo isikupe ujasiri wa kwenda kuzima moto karibu, kaboni monoksaidi inapita, ukisikia kichwa kinagonga na kizunguzungu ondoka hapo.

Kununua: mimi nilipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bei iko juu mara kadhaa ya kitambaa ila unarudia kuvaa mpaka mipira ilegee au pumzi ianze kuwa nzito, hapo tupa. Angalia iwe imeandikwa NIOSH, ile taasisi ya Marekani inayozithibitisha, na namba ya kibali inayoanza na TC-84A, na ukiona imeandikwa N95 halafu ina mipira ya masikioni iache hapohapo dukani. Yenye kivalvu cha mbele kwa moshi haina shida, joto linapungua, mimi naipenda zaidi hiyo.