Kutafuta kazi na ufadhili kwa Google baada ya kidato cha sita: uzoefu wangu

Tangu nimalize kidato cha sita natafuta kazi na ufadhili kwa simu, na chombo changu ni Google pamoja na Google Alerts, huduma yao ya bure ya kutuma arifa kwa baruapepe. Kwa matangazo ya serikali ya Tanzania naipa nne kati ya tano. Kwa ufadhili, tatu.

Ukiandika "ajira mpya" tu unaletewa blogu zinazonakili matangazo, nyingine zikibadilisha tarehe juu ya tangazo la mwaka juzi. Mambo yalibadilika nilipoanza kutafuta kwa maneno yaliyomo ndani ya tangazo lenyewe. Halmashauri haiandiki "ajira mpya kwa vijana". Inaandika "tangazo la nafasi za kazi", na kwenye sifa za mwombaji inaandika "kidato cha nne". Kwa hiyo naandika hivi:

```
"nafasi za kazi" "kidato cha nne" site:go.tz after:2025-06-01
```

Alama za kunukuu zinashikilia maneno yakae pamoja kwa mpangilio huo. `site:go.tz` inabakiza tovuti za serikali peke yake, na `after:` inaondoa kurasa za kabla ya tarehe hiyo. Tarehe yenyewe unaisogeza kadiri siku zinavyokwenda. Usiache nafasi baada ya nukta mbili, la sivyo inasomwa kama neno la kawaida. Kwenye kompyuta kuna njia nyingine: bonyeza Tools, kisha Any time, uchague Past week. Kwenye simu naona ni haraka zaidi kuandika `after:`.

Mbona "kidato cha nne" wakati mimi ni wa sita? Kwa sababu nafasi nyingi za ngazi ya chini zimeandikwa kuanzia hapo. Lakini soma sifa hadi mwisho. Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, kwa mfano, anatakiwa awe na kidato cha nne au cha sita, halafu inafuata sentensi ndefu inayodai cheti cha fani kama utawala au maendeleo ya jamii, kutoka Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Cheti cha shule peke yake hakitoshi. Dereva Daraja la II anaombwa cheti cha kidato cha nne na leseni ya daraja E au C ambayo ameitumia angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Binamu yangu mwenye leseni amefaidika na utafutaji wangu kuliko mimi!

Kichujio cha tarehe nacho kina udhaifu wake. Kinapima ukurasa ulichapishwa au kubadilishwa lini kwa makadirio ya Google. Tarehe ya tangazo ni jambo jingine. Tangazo lililofungwa linaweza kuibuka kana kwamba ni la jana. Ndiyo maana nafungua PDF yenyewe, naangalia namba ya kumbukumbu na tarehe juu, kisha nashuka hadi "mwisho wa kutuma maombi". Nikikuta mwaka haukutajwa, nalitafuta tangazo hilo kwenye tovuti ya halmashauri husika.

Arifa nimezifungua google.com/alerts kwa maneno yaleyale bila `after:`, kwani zenyewe huleta vipya. Bonyeza Show options. Kwenye How often nimechagua At most once a day, maana matangazo haya mara nyingi hukaa wazi wiki mbili hivi, na arifa ya kila wiki ingekula nusu ya muda. Kwenye How many chagua All results. Ukiacha Only the best results, tovuti ndogo za wilaya zinaweza kuachwa. Arifa hazioni matangazo yanayowekwa kama picha, wala yanayozunguka WhatsApp pekee. Kwa hiyo portal.ajira.go.tz, ambako maombi mengi ya serikali hutumwa, naifungua mwenyewe.

Kwenye ufadhili nyota zinapungua. Neno "scholarship" linaleta shahada za uzamili kwa wingi, na ushauri wa kawaida ni kuongeza `-masters -phd`. Mimi siufuati. Matangazo ya ufadhili wa serikali za nje, kama Stipendium Hungaricum ya Hungary, huweka shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu pamoja. Ukitoa "masters" unatupa na nafasi yako. Natumia hivi:

```
scholarship (bachelor OR undergraduate) Tanzania site:go.tz
```

OR lazima iwe kwa herufi kubwa. Wizara ya Elimu huweka matangazo ya aina hii kwenye moe.go.tz, na baadhi huelekeza uombe kwenye tovuti ya nchi inayofadhili na papo hapo upeleke nakala wizarani. Soma sehemu hiyo mara mbili, kwa kuwa kila upande unaweza kuwa na tarehe yake ya mwisho.