Programu yetu ya wafanyakazi ilizeesha watu 84 kwa siku tatu

Niko kwa biro ya wafanyakazi mu shirika moja ya transport hapa Lubumbashi, tuko watu 84. Tangu mwezi wa pili 2025 tunatumia programu moja ya kupanga konje na mishahara, jina sitaandika, na mwaka wote sikuwa na neno nayo, inaenda mbio hata konekshoni ikiwa mubaya, na fishi ya mushahara inatoka safi.

Sasa tarehe 30 Desemba nimekaa nachapisha barua za konje za 2026. Papa moja wa garaji akaingia na karatasi yake mukononi, akaniuliza: "Mama, mbona munanitosha kazini?" Nikaangalia, kweli, jina yake iko ku liste ya retreti, umri miaka 60. Huyu papa alizaliwa tarehe 8 Juni 1966, ana 59! Nikasema labda niliandika vibaya, nafungua fishi yake, tarehe ya kuzaliwa iko sawa kabisa. Nikafungua ya shofere moja aliyeanza kazi tarehe 14 Machi 2016, ana miaka 9 ya ansiyente, programu inasema 10. Na hapo njo kuna hasara, sababu kwa kode ya kazi yetu konje inaongezeka siku moja kila miaka mitano, kwa hiyo yeye alikuwa na siku 12 na moja juu yake, barua ikatoka na 14. Watu wote wameongezewa mwaka, mimi pia, na sikufurahi.

Nikaita fundi wa programu. Jibu ya kwanza: "Tarehe ya ordinatere yenu iko mubaya." Haikuwa. Bahati kuna kisanduku cha kuchagua tarehe ya hesabu, nikajaribu moja moja kwa yule shofere. Tarehe 28/12/2025 inatoa 9. Tarehe 29 inatoa 10, na 30 na 31 vilevile. Nikaweka 01/01/2026, ikarudi 9! Nikapiga picha za skrini nne nikamutumia, hapo akanyamaza, kesho yake akapiga simu mwenyewe.

Kumbe kosa ni herufi. Programu imeandikwa kwa Java, na mule kuna herufi mbili za mwaka ambazo zinafanana:

```
dd/MM/YYYY
dd/MM/yyyy
```

Ile ndogo ni mwaka wa kalendari tunaoujua wote. Ile kubwa ni mwaka wa wiki, maana yake inauliza hii wiki ni ya mwaka gani. Kwa hesabu ya kifaransa wiki inaanza lundi, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye jedi ya kwanza ndani. Tarehe 29 Desemba 2025 ilikuwa lundi, na jedi yake ni tarehe 1 Januari 2026, basi wiki yote inahesabiwa ya 2026. Programu ikachukua 2026 ikatoa 2016, ikapata 10, halafu ikaangalia kama 14 Machi imepita, ndiyo imepita sababu tuko Desemba, haikupunguza kitu. Ikifika 1 Januari mwaka ni 2026 kweli, lakini Machi haijafika, inapunguza moja, 9. Njo maana kosa inajiponya yenyewe na mutu anafikiri aliota.

Na usifikiri kila Desemba itakuonyesha. 2026 itaisha bila shida, lakini 1 Januari 2027 ni vandredi, hiyo wiki ni ya 2026 bado, kwa hiyo tarehe 1 mpaka 3 watu wangepunguziwa mwaka badala ya kuongezewa. Kama ya kwako seva yake iko kwa mpango wa Amerika, wiki yao inaanza dimanshi, kosa ingekuja tangu tarehe 28 Desemba 2025.

Walituma vershoni mpya tarehe 6 Januari. Nikaweka 29/12/2025, ikatoa 9, nikaweka 01/01/2027, ikatoa 10, sawa. Lakini siku za konje zilikuwa zimeshafungwa tarehe 30, vershoni mpya haizigusi, ilibidi nifungue hesabu ya kila mutu na kuirudilia, siku nzima, na barua tukachoma zote. Papa wa garaji ameshapata yake mpya.

Nawapa nyota tatu kwa tano. Ingekuwa ine, lakini nilipojaribu kuchapisha barua na tarehe 30/12/2025, juu ya karatasi ikaandika 30/12/2026. Wametengeneza hesabu, kichwa cha barua wamekisahau. Nimewatumia picha ya tano.