Maoni ya wahakiki wanne kwenye PDF moja: ununue programu ipi

Ukituma ripoti kwa watu wanne waisome, zitarudi PDF nne, kila moja na rangi zake na maoni yake pembeni. Hapo wengi hupiga hesabu ya leseni tano: nne za wahakiki, moja ya kwao. Leseni nne kati ya hizo ni pesa ya kutupa. Kupaka rangi maneno na kuandika maoni ni kazi inayofanywa na Acrobat Reader ya bure, na Preview ya Mac, hata na kivinjari cha Edge. Unacholipia ni uwezo wa kuchukua maoni ya faili moja na kuyaweka juu ya jingine, na huo anauhitaji mtu mmoja tu, yule anayekusanya.

Kabla ya kulinganisha programu, elewa maoni hukaa wapi. Hayaingii ndani ya maandishi ya ukurasa. Yamelazwa juu yake kama karatasi angavu: kila rangi imeandikiwa ukurasa wake, vipimo vya mahali ilipo, jina la aliyeiweka na maneno aliyoandika. Kwa sababu hiyo yanaweza kuchomolewa yote na kuhifadhiwa peke yake kwenye faili dogo la FDF au XFDF lisilo na ukurasa hata mmoja, kisha yakapachikwa kwenye nakala nyingine ya ripoti ileile. Tatizo nalo linatokea hapohapo. Rangi haijui imelala juu ya neno gani. Inajua vipimo tu. Mhakiki akiongeza ukurasa mmoja mwanzoni, maoni yake yote ukiyahamisha yataangukia ukurasa usio wake, na usitegemee programu ikuonye kwamba yameshuka pasipo pake.

Namba moja naipa Acrobat Pro, kwa mkusanyaji peke yake. Sababu ni kwamba inasoma maoni moja kwa moja kutoka PDF ya mhakiki. Huna haja ya kuyachomoa kwanza. Unafungua nakala safi ya ripoti, unaingia sehemu ya maoni, na kwenye menyu yake unachagua kuingiza maoni (kwa matoleo mengi imeandikwa `Import Data File`), kisha unaonyesha faili la mhakiki wa kwanza, halafu la pili, hadi uwamalize. Orodha ya pembeni inakupa maoni yote pamoja, na unaweza kuichuja ubaki na ya mtu mmoja. Ubaya wake ni kwamba unalipia kwa muda, na ukiacha kulipa unaachana nayo. Kwa mtu anayekusanya maoni kila mwezi sioni cha kubishana. Kwa wa mara mbili kwa mwaka, ni kufuga ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha maziwa.

Huyo wa mara mbili kwa mwaka, kama anatumia Windows, namwelekeza PDF-XChange Editor. Unanunua leseni mara moja, unapata masasisho ya mwaka, na baada ya hapo toleo ulilo nalo ni lako. Njia ninayoifuata ina hatua moja ya ziada: nafungua PDF ya kila mhakiki, nachomoa maoni yake kuwa FDF, kisha nayaingiza kwenye nakala safi. Kwa wahakiki wanne hatua hiyo haichoshi, na FDF zile zinabaki kama akiba ukiharibu kitu. Mwenye Mac atazame Foxit PDF Editor, ambayo nayo huchomoa na kuingiza FDF.

Tatu naweka njia ya kiungo: faili moja mtandaoni, wote wanaliandikia humohumo. Hakuna cha kuunganisha, na watu wanaweza kujibizana. Sijaiweka juu kwa sababu mbili. Mhakiki wa pili akiona wa kwanza keshasema, mara nyingi huandika "nakubaliana" na kwenda zake, wakati wewe ulitaka macho manne yaliyosoma kila moja kivyake. Tena huduma nyingine za kuhifadhi mafaili huyaweka maoni kwenye mtambo wao, nje ya PDF yenyewe. Ukipakua, unapata ripoti tupu. Pima kabla ya kulipa: andika oni moja, pakua, fungua kwa programu nyingine.

Ya mwisho ni kutonunua chochote na kunakili kwa mkono. Maoni yakiwa chini ya ishirini, fanya hivyo.

Usinunue yoyote kabla ya kuijaribu kwa mafaili yako mwenyewe, wakati wa siku za majaribio, na kipimo chenyewe ni kuhesabu. Mara ya mwisho nilikuwa na ripoti ya kurasa 64 na wahakiki wanne. Kabla ya kuunganisha nilifungua kila faili na kuandika idadi ya maoni iliyoonyeshwa kwenye orodha: 31, 18, 0 na 22. Ile sifuri ilinishtua, maana kurasa zilikuwa zimejaa manjano. Nikabofya rangi moja, haikushikika. Mhakiki alikuwa amesoma kwenye kishikwambi na programu ya kalamu iliyotoa PDF mpya, rangi zikawa sehemu ya picha ya ukurasa. Maoni ya namna hiyo hakuna pesa inayoweza kuyachomoa. Ndivyo inavyokuwa pia mtu "akichapisha" kwenda PDF badala ya kuhifadhi kawaida. Nilimwomba alete upya, na faili la pili likaonyesha 14.

Jumla nilitegemea 85, na nikapata 85. Ningetulia hapo ningeumia. Yale 22 ya mhakiki wa nne yalikuwa yamekaa ovyo, sentensi za rangi zikianzia katikati ya neno na kuishia kwenye nafasi tupu. Kumbe faili lake lilikuwa na kurasa 65, kwa sababu aliweka barua yake mbele. Nilirudi kwenye nakala ya faili lake, nikaufuta ukurasa ule wa kwanza, maoni yakabaki kwenye kurasa zake, nikayachomoa na kuyaingiza upya baada ya kuyaondoa yale ya mwanzo. Sasa nalinganisha idadi ya kurasa kabla ya idadi ya maoni, halafu nakagua oni moja la mwanzo, moja la katikati na moja la mwisho kwa kila mtu.

Likabaki suala la majina. Wawili kati ya wanne walionekana kwenye orodha kwa jina moja, `User`, kwa vile programu huchukua jina la kuingilia kwenye kompyuta. Kwenye Acrobat hilo hurekebishwa na mhakiki mwenyewe kabla hajaanza: aende `Preferences`, kisha `Commenting`, aondoe alama kwenye `Always use Log-in Name for Author name`, na ajaze jina lake chini ya `Identity`. Mimi nilichelewa. Nilichofanya ni kuingiza maoni ya `User` wa kwanza, kuyachagua yote na kuyabadilisha rangi yawe kijani, ndipo nikamwingiza wa pili.