Tahadhari: "siku saba za bure" zilizomtoa mama yangu shilingi 5,400

Ndugu zangu wa Malindi, hasa wenzangu tunaojiandaa kwa mtihani wa uhasibu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu pamoja, kwa sababu pesa zilizokwenda si zangu bali ni za mama.

Ilikuwa Jumamosi usiku, saa nne kasoro dakika kumi, nami nimeketi kibarazani kwetu Barani nikihangaika na mizania iliyokataa kulingana. Programu ya simu niliyokuwa nikisomea ilikuwa imenipa somo la kwanza bila malipo, na nasema kweli, mwalimu wake alieleza vizuri hata nikaona kosa langu. Nilipotaka somo la pili, likafungwa, kikatokea kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Start free trial". Juu yake palikuwa na ahadi ya siku 7 za bure, na kwa herufi nene, shilingi 450 kwa mwezi. Nikawaza kwamba hata nikisahau, hasara yangu kubwa ni 450.

Nilipokibonyeza, programu ilinitoa nje na kunipeleka kwenye tovuti yao, nikaombwa nambari za kadi. Nikaingia ndani kwa mama. Aliniuliza, "Mwanangu, hawa hawatakata pesa?" Nikamjibu, "La, mama, ni ya kujaribu tu." Akanisomea tarakimu za kuthibitisha zilizotumwa na benki kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, huku amevaa miwani. Tukangoja ujumbe wa kukatwa pesa, haukuja, naye akalala kwa amani. Neno lile nililomwambia ndilo linaloniumiza hadi leo.

Msinione mpumbavu. Mwenzangu wa darasani alikuwa akiitumia programu hiyohiyo, masomo yenyewe yalikuwa ya kweli, na siku ile hakuna hata shilingi moja iliyokatwa. Isitoshe, Alhamisi niliifuta kwenye simu, nikaamini kwamba mambo yamekwisha. Kumbe kuifuta programu hakuvunji usajili, kwa maana kadi imebaki kwao na hesabu ya siku inaendelea. Jumamosi iliyofuata, saa ileile ya usiku, simu ya mama ililia: shilingi 5,400 zimekatwa. Aliniletea simu bila kusema neno.

Niliporudi kwenye ukurasa ule ndipo nilipouona mstari wa kijivu hafifu chini ya kitufe. Ulisema kwamba 450 ni bei ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12, na kwamba mwaka mzima hutozwa kwa mkupuo mmoja majaribio yakiisha. Nikakimbilia Play Store, sehemu ya "Subscriptions", nikakuta patupu, kwa kuwa usajili uliofanywa kwenye tovuti ya muuzaji hauonekani pale. Hufutwa hukohuko ulikofanyiwa. Nilihangaika karibu saa nzima kabla ya kulielewa hilo, kisha nikaingia kwenye akaunti yangu katika tovuti yao, sehemu ya "Billing", nikateremka hadi chini kabisa na kupita kurasa tatu za kunisihi nibaki. Nimeufuta, lakini kufuta kumezuia malipo ya mwaka ujao tu. Nilipowaandikia kuomba pesa, walijibu kwamba nilikubali masharti.

Watu hawa wanastahili kutozwa faini nzito na kurudisha kila senti. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni amweleze mnunuzi mambo muhimu kabla ya mkataba, na bei ya mwaka si jambo la kufichwa kwa wino wa kijivu. Ninaandika malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, na yeyote aliyekatwa kama mimi naomba aandike pia, aambatishe picha ya ukurasa wenyewe kabla hawajaubadilisha.

Aliyeanza majaribio ya namna hii na atafute usiku huu alikojisajilia, Play Store au tovutini, afute huko na asubiri barua pepe ya kuthibitisha. Ukiona bei ya mwezi imekuzwa huku pakiwa na neno la mwaka popote karibu yake, zidisha kwa 12 kwanza. Na ukitolewa nje ya programu ili ukajaze kadi, rudi nyuma.

Jumatatu tulikwenda benki na mama. Kadi imefungwa, fomu ya kupinga malipo tumeijaza na kuambatisha mazungumzo yangu na muuzaji, na jibu bado hatujapewa. Karani alipouliza ni nani aliyezijaza nambari za kadi, mama alijibu kwamba ni yeye.