Uzoefu wangu: kufuli mbili za Minecraft kwenye Nintendo Switch ya mtoto

Mtoto wa dada yangu ana miaka 10. Dada amerudi Tanga kumuuguza mama yetu, na mtoto amebaki nami hapa Leicester ili asikatize shule. Alikuja na begi la nguo, baiskeli isiyo na breki ya nyuma, na ombi moja: Jumapili acheze Minecraft na mtoto wa kaka yetu aliyeko Birmingham. Yule wa Birmingham anatumia Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft, na huyu wangu hutumia Nintendo Switch ya zamani ya binti yangu. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua jioni tatu, na karibu zote nilizipoteza kwa makosa yangu mwenyewe. Ndiyo maana naandika, maana najua wazazi na walezi wengi wamekwama hapo hapo.

Jambo ambalo ningefurahi kuambiwa mapema ni hili: kwenye Switch, Minecraft ina kufuli mbili na kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza iko kwenye akaunti ya Microsoft ya mtoto, kwa sababu Minecraft hii inayochezwa kwenye simu, Xbox na Switch hutumia akaunti hiyo kuwakutanisha wachezaji. Kufuli hiyo humfuata mtoto. Akiingia kwa akaunti yake kwenye tableti ya jirani, ataikuta huko huko. Ya pili ni ya Nintendo, nayo inakaa ndani ya mashine. Haijali nani ameshika, mtoto au mtu mzima, inamzuia kila anayeicheza. Ukifungua moja na kusahau nyingine, mtoto atakuja kukwambia “bado haifanyi”, na atakuwa anasema kweli.

Nilianza na ya Microsoft, na hapo hapo nikagundua kwamba sina mamlaka yoyote. Mtoto alikuwa kwenye kundi la familia la dada. Mimi ndiye ninayemlisha na kumpeleka shule, lakini kwa upande wa akaunti nilikuwa mpita njia tu. Kwanza nikafikiria kumhamishia kwenye kundi langu, ila akaunti moja haiwezi kuwa kwenye makundi mawili ya familia kwa wakati mmoja, na kumtoa kwa dada kungekuwa na mlolongo wake. Njia nyepesi ilikuwa dada aniingize mimi. Akafungua family.microsoft.com kwenye simu yake, akaweka barua pepe yangu na kuchagua cheo cha “Organizer”. Kuna “Organizer” na kuna “Member”, na ukimwingiza mlezi kama “Member” hataweza kubadilisha kitu kwa mtoto. Nikaupokea mwaliko, na jina la mtoto likaonekana chini ya langu.

Kaka alikuwa ameshanipa ushauri wa mkato. “Dada, mfungulie akaunti mpya, muandikie amezaliwa 1990, mambo yaishe.” Nilikataa, na si kwa ucha Mungu tu. Hapa Uingereza, Xbox ilitangaza Julai 2025 kwamba wenye akaunti za watu wazima watathibitisha umri wao, na kuanzia mwanzoni mwa 2026 asiyethibitisha abaki kuwasiliana na marafiki zake tu. Mtoto wa miaka 10 mwenye akaunti ya mtu wa makamo atathibitisha na nini? Isitoshe, ukishamwita mtu mzima umejivua ulezi mwenyewe, huna tena kitufe cha kumwekea chochote.

Basi nikaingia account.xbox.com/settings, nikabonyeza “Privacy & online safety”, nikafungua kila nilichotakiwa kufungua, nikahifadhi. Haikufanya. Nikarudia. Haikufanya. Jioni ya kwanza ikaishia hapo, mtoto kavimba mashavu kama andazi.

Kesho yake nikaona nilichofanya. Ukurasa ule ukifunguka, huanza na mipangilio yako wewe mwenyewe. Majina ya wanafamilia yako juu, na lazima ubonyeze jina la mtoto kwanza ndipo yafunguke ya kwake. Nilikuwa nimejiruhusu mimi, mwanamke wa miaka 43, kucheza Minecraft na dunia nzima.

Kwenye jina la mtoto nilikuta sehemu mbili, moja ya faragha na nyingine ya usalama wa mtandaoni. Zenye maana kwa kazi yetu zilikuwa chache. “You can join multiplayer games” ndiyo inayoruhusu kucheza na wengine mtandaoni, na ilikuwa imefungwa. “You can join cross-network play” inahusu kucheza na walio nje ya mtandao wa Xbox, na kwa kuwa watoto wetu wako kwenye mashine mbili za kampuni tofauti, nayo nikaifungua. “You can add friends” nikaiacha wazi kwa siku moja tu, hadi yeye na mwenzake walipoongezana kuwa marafiki, kisha nikaifunga. Hii naipendekeza sana kwa mwenye mtoto mwepesi wa urafiki. Halafu ipo ya mazungumzo, “Others can communicate with voice, text, or invites”. Ina ngazi tatu: kila mtu, marafiki tu, au hakuna. Nikaweka marafiki tu.

Ukishachagua, teremka hadi chini ubonyeze “Submit”. Ukifunga ukurasa bila kubonyeza, hakuna kilichobadilika. Na baada ya hapo mtoto atoke kwenye akaunti ya Microsoft ndani ya Minecraft na aingie upya, kwa sababu mchezo unaweza kuendelea na ruhusa ulizozichukua alipoingia mara ya mwisho. Kwenye Switch kuingia upya ni rahisi: skrini inakupa anwani na msimbo, unaviandika kwenye simu, basi.

Ujumbe wa kwamba akaunti hairuhusiwi ukatoweka. Tukapiga vigelegele. Sekunde chache baadaye ukaja ujumbe mwingine, na mtoto akaubonyeza ukapotea kabla sijausoma, kama wafanyavyo wote. Nikamwambia arudie, na safari hii nikamshika mkono. Ulikuwa unasema udhibiti wa wazazi umezuia matumizi hayo. Maneno ni karibu yale yale, ila hayakuwa ya Microsoft tena. Ilikuwa Switch yenyewe.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 16 na haigusi kabisa hiyo mashine, alipokuwa mdogo nilipakua programu ya Nintendo ya wazazi kwenye simu na kuchagua ngazi ya mtoto. Kisha nikasahau. Ngazi ile huja na vizuizi vyake, na kimojawapo ni kuwasiliana na wengine.

Kuna njia ya haraka ya kujua kama kufuli iliyobaki ni ya Nintendo. Juu kulia kwenye skrini ya mwanzo ya Switch kuna alama ya rangi ya chungwa. Ibonyeze, andika namba ya siri ya mzazi, na vizuizi vitaondoka kwa muda, hadi mashine ilale. Fungua mchezo ujaribu. Ukiunganika, ugonjwa ulikuwa kwenye mashine. Usipounganika, rudi kwenye akaunti ya Microsoft, au angalia kama uanachama wa Nintendo Switch Online umekwisha, kwa kuwa bila huo Minecraft kwenye Switch haikutanishi watu mtandaoni hata ukifungua kila kitu. Namba ya siri nilikuwa siikumbuki, nikajaribu miaka ya kuzaliwa ya ukoo mzima. Kumbe ipo ndani ya programu yenyewe kwenye simu, kwenye mipangilio ya mashine. Unaifungua unaisoma.

Jaribio likafaulu, lakini sikutaka kuiondoa ngazi yote. Ndani ya programu nikaingia “Restriction Level”, halafu “Communicating with Others”. Hapo hutokea orodha ya michezo iliyomo kwenye mashine, kila mmoja na kitufe chake. Nikaifungulia Minecraft peke yake, mingine ikabaki imefungwa. Hilo kwangu ndilo jambo zuri kuliko yote upande wa Nintendo: unaruhusu mchezo kwa mchezo. Upande wa Microsoft uzuri wake ni mwingine, unachagua nani aongee na mtoto. Ukiziweka pamoja zinakamilishana, japo hakuna inayojua kwamba mwenzake yupo.

Sasa mipaka, maana ipo. Ruhusa ya kucheza mtandaoni kwa Microsoft ni ndiyo au hapana, haina “na binamu yake tu”. Ukisema ndiyo, umefungua pia zile seva kubwa za watu wengi zilizoko ndani ya mchezo. Kinachobaki kumlinda huko ni ile ngazi ya mazungumzo, pamoja na sheria ya nyumbani. Yangu ni kwamba Switch haitoki sebuleni.

Na kuna kitu cha tatu ambacho hakimo kwenye kufuli zote mbili. Wiki ya pili nilikuwa nachambua mchele, nikamsikia anacheka, “Nani huyu kaja kuvunja nyumba yetu?” Nikaenda kutazama. Kwenye dunia yao kulikuwa na mchezaji wa tatu, na jina lake hatulijui sisi wala kaka. Alikuwa rafiki wa mtoto wa kaka, mwanafunzi wa darasa lake, wala hakuwa na ubaya. Lakini aliingiaje? Kwenye mipangilio ya dunia yenyewe ndani ya Minecraft, mwenye dunia huchagua nani anaweza kujiunga: walioalikwa tu, marafiki, au marafiki wa marafiki. Yetu ilikuwa kwenye marafiki wa marafiki. Tukaiweka walioalikwa tu. Kwa hiyo ukimaliza kufuli mbili, muombe mtoto akufungulie na mahali hapo.

La kuchekesha ni kwamba mazungumzo niliyoyahangaikia hivyo hawayatumii. Minecraft kwenye Switch haina sauti, ni kuandika tu, na kuandika kwa vile vifimbo vya Switch ni adhabu. Sasa wanapigiana WhatsApp kwa simu yangu, wameiegemeza kwenye bakuli la sukari, spika juu. Hakuna mpangilio wowote wa Xbox wala Nintendo unaofika hapo. Nasikia kila neno, hadi mke wa kaka kule Birmingham akigomba jikoni kwake.

Ningempa nani nyota ngapi? Nintendo nne, kwa urahisi wa kuitumia simuni. Microsoft nne pia, kwa kuniachia nichague marafiki tu. Mlezi aliyejifungulia akaunti yake badala ya ya mtoto, nyota moja, na hiyo ni kwa kuja na chai.

Jumapili iliyopita saa nne asubuhi niliitwa kutoka sebuleni. “Mama mdogo, njoo uone, tumekujengea nyumba ya Tanga.” Ina baraza mbele. Mlango wameuweka upande wa choo.