Nembo Yako Kwenye Begi, Kikombe na Bango la Duka: Programu ya Picha Inaweza Nini?

Watazamaji wangu, karibuni tena hapa Ngamiani, Tanga. Leo ninachambua kipengele kimoja tu cha programu ya akili unde ya kutengeneza picha, nacho ni kile kinachokuruhusu kupakia nembo yako na kuagiza ionekane kwenye begi la kitambaa, kikombe na bango la duka. Namna ya kujisajili sitaieleza, kwa kuwa wengi wenu mnaifahamu. Nembo ya mfano niliyoichora ni mmea wa mkonge wenye majani saba ya kijani kilichokolea, na chini yake yameandikwa maneno DUKA LA MKONGE. Naomba muikumbuke idadi hiyo ya majani.

Begi limenifurahisha kweli. Nilitaja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, mwanga wa dirisha unaotoka kushoto, na nembo ichukue nusu ya upana wa begi. Tazameni hapa karibu na mshono: wino umefuata mikunjo ya kitambaa, na nyuzi zinaonekana ndani ya rangi ya kijani.

Kikombe kinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ya umbo lake. Kikombe cha kawaida cha mililita 325 kina kipenyo cha karibu sentimita 8, yaani mzunguko wa takribani sentimita 25, na jicho huona nusu yake tu. Kwa hiyo nembo yenye upana wa sentimita 7 inakaa vizuri mbele, lakini ya sentimita 12 inaanza kupotelea pembeni. Herufi za pembeni zinapaswa kubanana kidogo kuliko za katikati; zikilingana zote, mteja ataona kama karatasi iliyobandikwa.

Sasa tuje kwenye bango, ambalo ndilo lililonikera. Hii hapa ni picha niliyoagiza vitu vyote vitatu vikae pamoja. Nikiivuta karibu, mkonge una majani tisa, na neno la mwisho limekuwa MKONGGE. Sababu ni kwamba programu haibandiki nembo yako, bali inaichora upya kwa kuitazama, na kila nembo inapopewa nafasi ndogo ndani ya picha, herufi zake hupata nukta chache za kuchorewa na huharibika upesi. Kuagiza kila kitu kwenye picha yake kunapunguza tatizo hilo, ingawa hakuliondoi. Hata rangi haiaminiki, kwani ukitaja namba kamili ya kijani chako, programu bado itaibadilisha ili iendane na mwanga wa picha.

Njia ninayoipendekeza ni kuagiza bango tupu, kisha nembo halisi uiweke mwenyewe. Maelekezo yangu ni haya:

```
Mbele ya duka dogo mtaani, asubuhi, mwanga laini.
Juu ya mlango kuna bango jeupe, tupu kabisa,
upana wake mara tatu ya kimo chake.
Bango lionekane lote, limetazamwa kwa mshazari kidogo.
Hakuna maandishi popote kwenye picha.
```

Mstari wa mwisho usiuache, la sivyo programu itajaza maneno yasiyo na maana hata kwenye kuta. Baada ya hapo ninafungua picha hiyo ya bango katika Photopea, programu ya kuhariri picha inayofanya kazi kwenye kivinjari, ninaweka juu ya picha faili la PNG la nembo lisilo na mandharinyuma, kisha kwa amri ya Distort ninavuta pembe zake nne mpaka mistari yake ifuate kingo za bango. Namna tabaka hilo la nembo linavyochanganyika na picha iliyo chini yake ninaibadilisha kuwa Multiply, na papo hapo kivuli cha paa kinapita juu ya herufi kama kilivyopita juu ya bango. Hesabuni majani: ni saba. Angalizo ni kwamba Multiply haifai kwa nembo nyeupe kwenye bango jeusi, kwa kuwa rangi nyeupe hutoweka kabisa. Hapo iacheni Normal.

Wapo wanaopenda violezo vilivyo tayari, ambavyo havigusi herufi zako, na kwa kikombe mimi pia ningevichagua. Lakini violezo vingi vina maduka ya vioo ya ughaibuni, ilhali programu hii inakupa kibaraza na paa la bati kama mtaani kwetu. Kuhusu bei, nafasi za bure zinatosha kwa kazi hii ukiagiza kitu kimoja kimoja, na sioni sababu ya mwenye duka dogo kulipa kila mwezi.

Fundi wa mabango msimpelekee picha hii. Mpeni faili la nembo la SVG, au PDF iliyotokana na SVG hiyo, ambalo halipotezi ukali likikuzwa, pamoja na vipimo vya ukuta. Picha ni ya mwenye duka kuamua kama nembo ikae katikati au kushoto. Video ijayo nitaonesha jinsi ya kulitengeneza faili hilo la SVG kutoka kwenye nembo iliyochorwa kwa mkono.